Fedha Inapochacha

Maneno haya niliyasema Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi. Waliokuwa msibani, na waliobaki kulinda meza zao Mbuyuni, wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, maana hata ukumbini waliokaa nyuma hawakuiona.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu wanachama, shikamooni.

Nianze na mbege. Kuna mtu hapa haijui mbege? Mbege ya leo ni tamu. Ya kesho ni kali. Ya keshokutwa hata mlevi anaisukuma pembeni. Kwa hiyo nawauliza: yupo mwanachama anayeweka akiba ya uzeeni kwenye pipa la mbege? Mnacheka. Mbege haiwekwi, hunywewa, na ukichelewa kuinywa umekula hasara. Leo nataka kuwaeleza nchi ambayo fedha yake iligeuka mbege, kwa sababu niliishi humo. Kuanzia 2006 hadi 2009 nilikuwa mhasibu wa kampuni ya malori mjini Harare, Zimbabwe. Mishahara ya watu ilipita mikononi mwangu, na niliiona inachacha kabla haijawafikia.

Kwanza tuelewane tunazungumza ugonjwa gani. Sukari ikipanda, huo si ugonjwa wenyewe. Hata sisi miaka ya 1980, bei zilipokuwa zinapanda karibu asilimia 30 kwa mwaka na sabuni tunaipangia foleni, hatukufika huko. Mwaka 1956 mchumi wa Kimarekani, Phillip Cagan, aliweka mpaka ambao wataalamu wanautumia hadi leo: mfumuko wa bei uliokithiri unaanza pale bei zinapopanda kwa asilimia 50 ndani ya mwezi mmoja. Mwezi, si mwaka. Chukua andazi la shilingi 200. Likipanda nusu kila mwezi, baada ya miezi 12 andazi hilo hilo ni karibu shilingi 26,000.

Huo ndio mlango tu. Novemba 2008, nikiwa Harare, bei zilikuwa zinajizidisha mara mbili kwa takriban saa 24. Andazi la 200 Jumatatu ni 400 Jumanne, 800 Jumatano, 1,600 Alhamisi, 3,200 Ijumaa, 6,400 Jumamosi, 12,800 Jumapili, na Jumatatu inayofuata ni 25,600. Yaani safari ambayo kwenye mpaka wa Cagan inachukua mwaka mzima, sisi tulikuwa tunaimaliza kwa wiki.

Nchi inafikaje hapo? Ukiuliza mtaani utaambiwa ni vikwazo, ni ukame, ni mashamba kuchukuliwa. Mashamba yalichukuliwa kuanzia 2000, uzalishaji ukaanguka, tumbaku iliyokuwa ikileta dola ikapungua vibaya, na maisha yakawa magumu kweli. Lakini nisaidieni hesabu. Mavuno yakipungua nusu na fedha zikabaki zile zile, bei itapanda mara ngapi? Mara mbili. Tuseme tatu. Zimbabwe walifuta sifuri tatu kwenye fedha yao Agosti 2006, wakafuta kumi Agosti 2008, wakafuta 12 Februari 2009. Jumla sifuri 25. Hakuna ukame duniani unaoleta sifuri 25. Ukame unaleta njaa. Sifuri zinaletwa na mtu anayechapisha.

Na kwa nini anachapisha? Kwa sababu ana mashimo ya kuziba na hana cha kuzibia. Mwaka 1997 serikali iliwaahidi wapigania uhuru wa zamani dola 50,000 za huko kila mmoja, pamoja na pensheni ya kila mwezi, na bajeti haikuwa na fedha hizo. Novemba 14 mwaka ule dola yao ilianguka vibaya kwa siku moja, wenyewe wakaiita Ijumaa Nyeusi. Mwaka uliofuata wakapeleka jeshi vitani Kongo. Kisha uzalishaji ukaanguka, na kodi ikaanguka nao. Wakopeshaji wa nje wakafunga milango. Serikali inayotumia kuliko inavyokusanya, na isiyopata wa kuikopesha, inabakiwa na mlango mmoja tu: Benki Kuu yake.

Chini ya gavana Gideon Gono, aliyeingia mwishoni mwa 2003, Benki Kuu ya Zimbabwe ilifanya kazi ambazo hakuna benki kuu inatakiwa kuzifanya. Ilibeba mashirika ya umma yaliyokuwa yanazama. Mwaka 2007 ilianza hata kugawa matrekta na mashine za kuvunia. Fikirini: benki kuu inagawa matrekta! Matumizi hayo hayakuonekana kwenye bajeti iliyosomwa bungeni. Mtu akisoma bajeti aliona shimo dogo. Shimo lenyewe lilikuwa limehamishiwa jengo la pili.

Sasa niwafanyie hesabu ndogo. Hapa naomba hata wanaochati kwenye simu waniangalie dakika tano, maana siri yote iko hapa.

Tuchukue kata moja huku mlimani yenye fedha yake yenyewe. Watu wote wa kata hiyo, ukikusanya noti zilizo mifukoni, kwenye vibubu na chini ya magodoro, wana shilingi milioni moja. Mtendaji wa kata anapungukiwa laki moja kila mwezi ili alipe walimu na mgambo. Ana mashine ya kuchapisha noti. Mwezi wa kwanza anachapisha laki moja, anawalipa, wanaenda sokoni. Ndizi ni zile zile, maharage ni yale yale, ila fedha zimeongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Bei zinapanda karibu asilimia kumi.

Nani amelipa walimu wale? Hakuna aliyepewa risiti ya kodi. Lakini kila aliyekuwa ameshika noti amekatwa kidogo, bila kujua, akiwa amelala. Kwa hiyo hii nayo ni kodi. Inatozwa kwa yeyote anayeshika noti, na kadiri anavyoishika muda mrefu ndivyo inavyomkata zaidi.

Sasa niambieni, watu wa Moshi: kodi ikitozwa kwa kushika noti, mtafanya nini?

(Hapa mzee mmoja wa mbele akajibu, “Tunanunua bati!” Ukumbi mzima ukacheka, lakini alikuwa amemaliza somo.)

Naam, meku, tunanunua bati. Tunanunua mbuzi, saruji, tofali. Watu wa kata ile waliokuwa wanashika matumizi ya mwezi mzima wanajifunza kushika ya wiki moja tu. Kwa bei za zamani, noti zote walizokubali kuzishika sasa zina thamani ya 250,000 tu. Lakini mtendaji bado anataka vitu vya laki moja. Laki moja kwenye 250,000 ni asilimia 40. Mwanzo alichapisha sehemu ya kumi, sasa lazima achapishe karibu nusu ya fedha zilizopo ili apate ndizi zile zile. Bei zinaruka, watu wanaogopa zaidi, na sasa wanashika matumizi ya siku moja tu. Noti zote za kata zina thamani ya 33,000. Ili kupata vitu vya laki moja humo, anatakiwa kuchapisha mara tatu ya fedha zote zilizopo, kila mwezi. Na hapo nimemhurumia, nimejifanya bei zinamsubiri amalize kununua.

Mmeona mbio zenyewe? Shimo la mtendaji halijakua hata senti. Mahitaji yake ni yale yale laki moja. Kilichobadilika ni watu. Wao wanakimbia noti, yeye anakimbiza. Kadiri anavyochapisha ndivyo wanavyokimbia, na kadiri wanavyokimbia ndivyo analazimika kuchapisha zaidi ili apate kilicho kidogo zaidi. Anakamua ng'ombe ambaye kila akimkamua anapungua chuchu.

Hicho kukimbia nilikiona kwa macho. Kampuni yetu ilipompa mteja bei ya kusafirisha mzigo, mwanzoni tuliandika “bei hii ni halali kwa siku 14”. Ikawa siku tatu. Katikati ya 2008 tuliandika “halali hadi saa sita mchana”. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayowaambia watu waiangalie, siku yoyote, nchi yoyote: usitazame bei imefika ngapi, tazama inakaa muda gani. Hundi zilichukua siku kadhaa kupita benki, kwa hiyo mwenye duka alikupa bei mbili, ya noti, na ya hundi ambayo ilikuwa mara kadhaa zaidi. Hakuwa mwizi. Alikuwa anajua fedha hiyo atakapoishika itakuwa imeshachacha.

Mimi mwenyewe nilikuwa naandika hesabu za kampuni kwa maelfu, yaani nakata sifuri tatu ili tarakimu zitoshe kwenye kompyuta. Baadaye nikaandika kwa mamilioni. Julai 2008 nilikuwa naandika kwa mabilioni, na bado programu ilikuwa inakataa jumla ya mwisho. Siku ya mshahara nilimaliza hesabu saa nne asubuhi. Mkurugenzi alipofika kusaini saa nane mchana, orodha ilikuwa haina maana. Tukaacha. Dereva alilipwa lita mbili za mafuta ya kupikia, kilo kumi za unga, sabuni, na kuponi za petroli. Kuponi ya lita 20 ilikuwa fedha nzuri kuliko fedha, maana petroli haifutwi sifuri. Mama mwenye nyumba wangu alikataa kodi ya noti. Alitaka sukari na kuponi.

Lakini sasa nifike kwenye jambo lililonichanganya zaidi kule, ambalo watu waliosoma habari tu hawaliamini. Mnafikiri nchi iliyochapisha fedha nyingi hivyo ilikuwa imejaa noti? Noti hazikuwepo! Watu walilala nje ya benki. Benki iliweka kikomo cha kutoa kwa siku, na kikomo hicho wakati mwingine hakikutosha nauli ya kurudi nyumbani. Dereva wetu mmoja aliamka saa tisa usiku, akapanga foleni hadi mchana, akatoka na bando la noti. Akaja ofisini kuniuliza kama naweza kumsaidia nauli. Mfukoni ana mabilioni, anaomba lifti.

Inakuwaje? Rudini kwenye kata yetu. Thamani ya noti zote ilitoka milioni moja ikawa 33,000. Idadi ya karatasi imeongezeka mno, lakini zote kwa pamoja zinanunua kidogo kuliko zamani. Kwa hiyo kila mtu ana uhaba wa fedha, kwa maana ya ile inayoweza kununua kitu. Na gavana akiona watu wanalia kuwa fedha hazitoshi, anafanya nini? Anachapisha zaidi awasaidie. Ujerumani mwaka 1923 walianguka shimo hilo hilo. Rudolf Havenstein, mkuu wa benki kuu yao, aliona kazi yake ni kuhakikisha noti zinatosha, akawa na viwanda vya uchapaji zaidi ya mia vinavyokesha. Hakuwa mjinga. Alikuwa anatibu kiu kwa maji ya chumvi.

Zimbabwe kulikuwa na tatizo jingine la kiufundi. Julai 2008 kampuni ya Ujerumani iliyokuwa inawauzia karatasi za noti, Giesecke na Devrient, iliacha kuwauzia kwa shinikizo la serikali ya Ujerumani. Karatasi zikawa adimu. Lakini tarakimu kwenye kompyuta za benki hazihitaji karatasi, hizo unaongeza unavyotaka. Matokeo yake nchi ikawa na fedha mbili zenye jina moja: dola ya noti na dola ya benki. Ya benki ilichacha haraka zaidi, kwa hiyo dola moja ya Marekani ilipata dola za benki nyingi zaidi kuliko dola za noti. Wajanja wenye marafiki wakubwa wakawa wanazungusha huku na kule, kutoka akaunti kwenda noti kwenda dola ya Marekani, wanatajirika bila kuzalisha hata punje. Vijana wa mjini waliita kazi hiyo kuchoma fedha. Nimeona mtu akinunua gari kwa wiki mbili za kuchoma, na mwalimu aliyefundisha miaka 20 akiuza nyanya.

Nisiwasahau walipa kodi wa kawaida, maana hapa ndipo serikali inajikata mguu yenyewe. Wakulima wa kahawa mnakumbuka malipo ya pili? Unapeleka kahawa, unapewa malipo ya kwanza, ya pili yanakuja baadaye sana. Baba yangu miaka ya 1980 alipata malipo ya pili baada ya mwaka mzima. Kwa mfumuko wa asilimia 30, kila shilingi elfu moja aliyoahidiwa ilifika ikiwa na nguvu ya shilingi 770 hivi. Alilalamika hadi anakufa. Sasa serikali nayo ni mkulima anayesubiri malipo ya pili. Kodi inakadiriwa leo, inalipwa miezi mitatu baadaye. Bei zikipanda asilimia 50 kwa mwezi, kodi ya milioni moja inafika hazina ikiwa na nguvu ya laki tatu. Na mfanyabiashara anajua, kwa hiyo anachelewesha kwa makusudi. Kodi halali inayeyuka, shimo la bajeti linapanuka, na mtambo unaongezewa zamu. Ndiyo sababu nasema ugonjwa huu ukishapita hatua fulani haumhitaji tena mtu mbaya. Unajiendesha wenyewe.

Walijaribu kuuzuia? Walijaribu kwa amri. Juni 2007 serikali iliagiza bei zipunguzwe kwa nusu. Wenye maduka walikamatwa kwa maelfu. Siku mbili tatu za kwanza ilikuwa sherehe, watu wanabeba majokofu na viatu. Mimi nilinunua pasi mbili za nguo na sikuwa na haja hata na moja. Kisha rafu zikabaki tupu, kwa sababu nani atanunua bidhaa kwa mia auze kwa hamsini? Miezi iliyofuata niliingia duka kubwa la katikati ya mji nikakuta rafu zote zimepangwa chupa za siki na karatasi za chooni. Mwenye duka alitaka tu pasionekane patupu.

Takwimu nazo zilikufa. Tarakimu rasmi ya mwisho ya mwaka ule ilikuwa ya Julai 2008: asilimia milioni 231 kwa mwaka. Baada ya hapo, utapimaje bei kama dukani hakuna kitu? Hapa kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana. Kampuni ya bima ya Old Mutual hisa zake ziliuzwa soko la Harare na soko la London pia. Hisa ni ile ile. Kama London hisa ni pauni moja na Harare ile ile ni dola bilioni kumi, basi pauni moja ni dola bilioni kumi, hata benki kuu iseme nini. Wafanyabiashara tuliitazama bei hiyo kila asubuhi kabla ya chai. Mchumi Steve Hanke na mwenzake Alex Kwok waliitumia kukadiria kwamba katikati ya Novemba 2008 bei zilikuwa zinapanda kwa asilimia bilioni 79.6 kwa mwezi. Hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya kujizidisha kila baada ya saa 24 na ushei. Tukumbuke ni makadirio, na Novemba hiyo hiyo biashara ya hisa Harare ikasimama, kwa hiyo hata kipimajoto hicho kikavunjika.

Mwisho ulikuja vipi? Wengi wanadhani serikali iliamua. Ukweli ni kwamba serikali iliwafuata watu. Mwanzoni mwa Desemba 2008 hata wanajeshi walifanya fujo mitaani Harare kwa kukosa noti zao benki. Mtambo uliokuwa unawalipa wenye bunduki haukuweza tena hata hilo. Sokoni wauza mboga walikuwa wameshahamia randi na dola ya Marekani, kwa kificho, maana ilikuwa kosa. Januari 2009 ikatoka noti ya dola trilioni 100, na kabla mwezi haujaisha serikali ikaruhusu watu wote watumie fedha za kigeni. Aprili dola ya Zimbabwe ikawekwa kando rasmi.

Na bei zikasimama. Ghafla, kama mvua iliyokatika. Mwaka 2009 bei za dola zilishuka kidogo badala ya kupanda. Rafu zilijaa ndani ya wiki chache. Waziri mpya wa fedha, Tendai Biti, alisema watatumia kile tu walichokusanya. Hakuwa na hiari, kwa sababu dola ya Marekani hawezi kuichapisha. Mshahara wa kila mtumishi wa umma ukawa dola 100 kwa mwezi, awe mhudumu au mkurugenzi. Dawa hiyo nayo ina maumivu yake. Sarafu ndogo hazikuwepo, ukinunua mkate chenji ni peremende. Na nchi isiyo na fedha yake haiwezi kujisaidia dola zikikauka. Sisifu. Nasema tu ilifanya kazi kwa sababu iliondoa mashine mikononi.

Sheria yetu hapa Tanzania inaweka kikomo cha kiasi ambacho serikali inaweza kukopa Benki Kuu, kikipimwa kwa mapato yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Mnapoisikia inajadiliwa bungeni na mkaona ni habari kavu, kumbukeni mtendaji wa kata yetu.

(Wakati wa maswali mama mmoja wa Kiboriloni akasimama: “Kaka, umesema wenye akiba waliumia. Na wenye mikopo je?”)

Mama, hilo swali mweka hazina wetu hakutaka liulizwe. Wenye mikopo walineemeka. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa na mkopo wa nyumba wa miaka 15. Mwaka 2008 aliulipa wote kwa thamani ya kreti moja la bia. Alicheka wiki nzima. Lakini mkopo huo ulikuwa akiba za nani? Chama kama chetu kinapokea akiba za huyu na kumkopesha yule. Siku ile yule alipolipa kwa kreti la bia, huyu alibaki na nini? Riba ingepandishwa hadi wapi ili ifukuzane na bei zinazojizidisha kila siku? Vyama vya namna hii havikufilisika kwa wizi. Vitabu vilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, ila senti ndiyo haikuwepo.

Ghalani kwetu kulikuwa na mzee mtunza stoo. Aliweka akiba benki tangu ujana wake, kila mwezi, hakukosa. Mwaka 2015 serikali yao ilitangaza kwamba wenye akaunti za dola za zamani waje wachukue chao: kila akaunti yenye hadi kwadrilioni 175, yaani 175 na sifuri 15 nyuma yake, inalipwa dola tano za Marekani. Nilimpigia simu nikamuuliza kama amekwenda. Akaniambia nauli ya kwenda mjini na kurudi ni dola mbili, na foleni aliyokwisha kupanga kwenye benki hiyo inamtosha.